Swali la kufafanua limemaliza kazi? Kupima majibu ya jumbe zilizokatika kwa hesabu za daftari

"Habari za asubuhi, ng'ombe wangu ana joto tangu"

Ujumbe umeishia hapo. Umeingia saa 1 asubuhi kwenye simu ya ofisi ya chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na anayeshika simu hiyo hawezi kumtuma mtu yeyote. Neno "joto" lina maana mbili kwa mfugaji. Huenda ng'ombe anataka dume, na hapo anayehitajika ni mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu. Huenda ana homa, pengine ndigana kali, na hapo anayehitajika ni daktari wa mifugo. Tena neno lililokatwa, lile linalofuata "tangu", ndilo lenye uzito kuliko yote. Kanuni ya kuhimilisha inayofuatwa na wengi ni kwamba ng'ombe aliyeonekana asubuhi anataka dume ahimilishwe jioni, na aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Ukikosa nafasi hiyo unangoja takriban siku 21 nyingine.

Kwa hiyo ofisi inauliza: "Ujumbe wako umekatika, tafadhali malizia." Mfugaji anajibu, au hajibu. Mwisho wa mwezi mtu anahesabu majibu na kuandika kwenye ripoti kwamba swali linafanya kazi vizuri.

Mwongozo huu unahusu hesabu hiyo ya mwisho wa mwezi, kwa sababu mara nyingi huwa na makosa. Kujibiwa ni jambo moja, na kuelewa tatizo la mfugaji ni jingine. Nimetumia mfano wa chama cha wafugaji kwa kuwa kazi ya simu za aina hiyo naijua, lakini zahanati, ofisi ya maji au duka la pembejeo linaweza kufuata hatua zilezile. Nambari za mifano zote hapa chini ni za kufundishia namna ya kukokotoa tu. Zako zitatoka kwenye daftari lako.

Hatua ya 1: Hakikisha anayekata ujumbe si wewe

Kabla ya kupima swali, pima urefu wa jumbe zenyewe. Kama jumbe zako zimo kwenye Excel au Google Sheets, na maneno ya ujumbe yapo safu ya C, weka urefu wake safu ya D, kisha tafuta urefu mkubwa kuliko wote:

```
=LEN(C2)
=MAX(D:D)
```

Ujumbe mmoja wa SMS wenye herufi za kawaida hubeba herufi 160. Ukizidi hapo, simu inaugawa vipande, na kila kipande hubeba herufi 153, kwa kuwa nafasi ya herufi 7 huchukuliwa na taarifa za kuunganishia vipande. Ikiwa ndani yake kuna hata alama moja isiyomo kwenye orodha ya herufi za kawaida za SMS, ujumbe mzima hushuka hadi herufi 70, na vipande vyake kuwa herufi 67 kila kimoja.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi tunaoandika Kiswahili. Herufi zetu zote zimo kwenye orodha ya kawaida, na ritifaa iliyonyooka (') imo pia. Lakini baadhi ya simu janja hubadilisha ritifaa hiyo kuwa ile iliyopinda (’), nayo haimo. Hivyo mtu aliyeandika "ng’ombe" kwa ritifaa iliyopinda anaweza kushushwa kutoka herufi 160 hadi 70 bila kujua, na ujumbe aliodhani ni mmoja ukasafiri kwa vipande vitatu. Vikaragosi vya uso navyo hufanya hivyohivyo.

Sasa soma ulichokipata. Ikiwa ujumbe mrefu kuliko wote una herufi 160 kamili, na hakuna hata mmoja uliowahi kuzidi hapo, karibu ni hakika kwamba mfumo wako ndio unaokata, ama kwa sababu nafasi ya kuhifadhia imewekewa ukomo, ama kwa sababu hauunganishi vipande. Usiendelee na mwongozo huu kabla ya kulirekebisha hilo. Utakuwa unamwomba mfugaji alipie mara ya pili maneno aliyokwisha kukutumia. Na kama jumbe nyingi zilizokatika zina urefu wa 153 au 67, angalia ujumbe unaofuata kutoka namba ileile. Mara nyingi utakuta mkia wake, umeanza katikati ya sentensi: "jana jioni na hali majani".

Jumbe zitakazobaki ni fupi, za herufi 20, 35, 50, zinazoishia na "na", "kwa", "tangu", "ya". Hizo zilikatwa na kidole kilichogusa kitufe cha kutuma, au mtu aliitwa akaacha. Hizo ndizo swali la kufafanua linaweza kuzisaidia.

Hatua ya 2: Kubalianeni ujumbe uliokatika ni upi

Chukua jumbe 50 za wiki iliyopita, za kila aina. Watu wawili wazisome kila mmoja peke yake, bila kuambizana, na kila mmoja aweke alama: umekatika au haukukatika. Kisha linganisheni. Mkitofautiana kwenye jumbe 3 au 4, hakuna shida. Mkitofautiana kwenye 12, kila mmoja wenu ana kipimo chake kichwani, na hesabu zozote zitakazofuata zitabadilika kulingana na nani yuko zamu.

Mabishano huwa juu ya jumbe kama "Naomba daktari". Umekatika? Mimi nasema haukukatika. Ni ombi kamili, ingawa ni fupi na halina maelezo. Unahitaji swali, ndiyo, lakini swali lake ni la kukusanya taarifa na si la kumalizia sentensi, nalo lihesabiwe kwenye daftari lake. Kanuni ninayoipendekeza ni nyepesi: ujumbe umekatika ikiwa sentensi ya mwisho haiwezi kusimama bila neno jingine. "Ng'ombe wangu ana joto" imesimama. "Ng'ombe wangu ana joto tangu" haijasimama.

Andikeni kanuni hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na mifano mitano iliyowagombanisha na uamuzi mliofikia. Mtu mpya akija, aanze kwa kusoma ukurasa huo.

Hatua ya 3: Amueni "umetatuliwa" maana yake nini, na kwa muda gani

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapopita haraka.

Ujumbe umetatuliwa pale mnapoweza kufanya jambo sahihi kwa wakati unaofaa bila kuuliza tena. Sehemu zote tatu za maneno hayo zina kazi. "Jambo sahihi" maana yake mfugaji asirudi kesho akisema hakumaanisha hivyo. "Wakati unaofaa" maana yake jibu la kesho kutwa kuhusu ng'ombe anayetaka dume leo lihesabiwe kuwa limechelewa, hata kama limeandikwa vizuri kiasi gani. "Bila kuuliza tena" maana yake swali la pili ni dalili kwamba la kwanza halikutosha.

Wekeni muda wa mwisho kwa kila aina ya jambo kabla ya kuanza kuhesabu. Kwa uhimilishaji, saa 6 zinafaa. Kwa malipo ya maziwa ya mwezi, siku 2 si mbaya. Msibadilishe muda huo katikati ya mwezi baada ya kuona matokeo hayapendezi, kwa sababu hapo hamtakuwa mnapima swali tena.

Kisha kila ujumbe mliouulizia mpeni tokeo moja kati ya haya:

wazi: alijibu ndani ya muda, na mkaelewa.
nusu: alijibu, lakini ikabidi kuuliza tena.
haukukatika: alijibu kwamba alikuwa amemaliza, au jibu lilionyesha hivyo.
njia nyingine: hakujibu ujumbe, ila alipiga simu au alifika ofisini kwa jambo lilelile.
kimya: hakuna kitu ndani ya muda.

Kama simu yenu inatoa ripoti ya ujumbe kupokelewa, jumbe ambazo hazikumfikia mfugaji ziwekeni kando kabisa. Simu iliyozimwa kwa kukosa chaji si mfugaji aliyekataa kujibu.

Hatua ya 4: Daftari lenye safu tisa

Safu ya A ni tarehe na saa ya ujumbe. B ni namba ya mfugaji, na hapa ninasisitiza: andika namba yake ya uanachama, si ya simu, maana daftari la kuhesabia hupita mikononi mwa wengi. C ni ujumbe wenyewe, D urefu wake. E ni saa mliyouliza, F aina ya swali, G saa aliyojibu, H tokeo, na I ni "karudi", ambayo inajazwa baadaye.

Jihadharini na saa. Mfumo huandika 07:00, na mtu anayejaza kwa mkono huandika saa 1. Wakichanganywa kwenye safu moja, mtaona mfugaji "aliyejibu" saa 6 kabla ya kuulizwa. Chagueni mtindo mmoja. Mimi huandika kama mfumo unavyoandika, kwa kuwa nusu ya safu hizo hujazwa na mfumo hata hivyo.

Safu ya I ndiyo inayosahaulika na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kila jambo lililoandikwa "wazi" mlifuatilie kwa siku 7. Ikiwa mfugaji yuleyule amerudi kwa jambo lilelile kwa sababu mlimwelewa vibaya, andika "karudi". Kwa uhimilishaji fuatilieni zaidi, hadi siku 24 hivi, kwa kuwa ng'ombe ambaye hakuhimilishwa kwa wakati, au ambaye mimba haikushika, ataonekana tena anataka dume karibu na siku ya 21. Si kila anayerudi siku ya 21 ni kosa la mawasiliano, maana uhimilishaji wenyewe haushiki kila mara. Hesabu tu wale ambao mhimilishaji alikwenda kwa jambo ambalo si lenyewe, au alikwenda kwa saa isiyofaa.

Hatua ya 5: Hesabu, na uchague cha kugawia

Tuseme mwezi mmoja mmepata jumbe 120 zilizokatika. Jumbe 14 kati yake zilikamilika zenyewe kabla hamjauliza, mkia ukaingia. Nyingine 6 zilikuwa za dharura na mlipiga simu moja kwa moja. Zilizobaki 100 ziliulizwa kwa ujumbe na maswali yote yaliwafikia wahusika.

Kati ya hizo 100, watu 72 walijibu ndani ya muda. Katika majibu 72, yaliyo wazi ni 51, ya nusu ni 12, na 9 walisema walikuwa wamemaliza. Waliobaki 28 hawakujibu, lakini 11 kati yao walipiga simu au walifika ofisini. Kimya kabisa ni 17. Baada ya siku 7, wafugaji 7 kati ya wale 51 walirudi kwa sababu mliwaelewa vibaya.

Sasa tazama jinsi ripoti tatu zinavyoweza kuandikwa kutoka daftari moja. Wa kwanza ataandika 72 kwa 100, kwa kuwa watu 72 walijibu. Wa pili ataandika 51 kwa 100, walioeleweka. Wa tatu atatoa wale 7 waliorudi na kuandika 44 kwa 100. Kuna na wa nne, ambaye atagawa 51 kwa 72, apate asilimia 71, na kuiita "mafanikio". Huyo ndiye wa kumwangalia sana. Amewaondoa walionyamaza kwenye hesabu, na walionyamaza ndio ambao swali halikuwasaidia.

Nambari ya kuweka mbele ni ya wa tatu: 44 kwa 100. Mnagawa kwa idadi ya maswali yaliyofika, daima. Pembeni yake wekeni viwango vitatu vidogo vinavyoeleza hasara ilipotokea: mliolazimika kuwauliza tena, 12 kwa 100, waliosema hawakukatika, 9 kwa 100, na waliorudi, 7 kwa 51. Waliosema hawakukatika hawaonyeshi ubaya wa swali. Wanaonyesha kwamba ofisi inaona katiko mahali ambapo hapana, na dawa yake iko Hatua ya 2. Waliorudi wanagawiwa kwa walioeleweka, kwa sababu hao tu ndio wanaoweza kurudi kwa njia hiyo.

Wale 11 wa njia nyingine wasiingizwe kwenye 44. Walisaidiwa, na nafurahi walisaidiwa, lakini huwezi kujua kama swali liliwasukuma kupiga simu au walikuwa wanapiga tu.

Kwenye Excel, ikiwa aina ya swali imeandikwa safu ya F, kwa mfano "kariri", namna ya kuuliza inayoelezwa Hatua ya 7, hesabu hizi zinatosha:

```
=COUNTIFS(F:F,"kariri",H:H,"wazi")
=COUNTIFS(F:F,"kariri",H:H,"wazi",I:I,"karudi")
=COUNTIFS(F:F,"kariri")
```

Toa ya pili kwenye ya kwanza, gawa kwa ya tatu. Kabla ya hapo hakikisha safu ya F imejazwa kwa jumbe zilizowafikia wahusika tu.

Hatua ya 6: Je, wangemalizia wenyewe?

Mtu aliyegusa kitufe cha kutuma kwa bahati mbaya mara nyingi anaona kosa lake na kutuma mwendelezo. Ikiwa ofisi inauliza ndani ya dakika 2, swali litapata sifa ya jambo ambalo lingetokea bila hilo. Kwa macho huwezi kutofautisha. Inabidi kulinganisha.

Njia nyepesi: kwa wiki kadhaa, jumbe zilizokatika zipewe namba kwa mfuatano wa kuingia. Zenye namba witiri muulize papo hapo. Zenye namba shufwa mngoje dakika 30 kabla ya kuuliza. Dakika 30 zikiisha, angalieni pande zote mbili ni ngapi zimekamilika.

Tuseme kila upande una jumbe 40. Upande wa kuulizwa mara moja, 22 zimekamilika ndani ya dakika 30. Upande wa kungojwa, 13 zimekamilika bila swali lolote. Basi kazi halisi ya swali katika dakika hizo 30 si jumbe 22 kwa 40. Ni 22 ukitoa 13, yaani 9 kwa 40. Jumbe nyingine zilikuwa njiani.

Masharti mawili yasivunjwe. Kwanza, ujumbe wowote wenye dalili ya dharura usiingizwe kwenye mchezo huu wa kungoja. "Anazaa lakini", "tumbo limevimba na", "hawezi kusima": hao wapigiwe simu saa hiyohiyo, na wawekwe nje ya hesabu, kama wale 6 wa mwezi uliopita. Ng'ombe aliyevimba tumbo anaweza kufa ndani ya saa chache. Pili, anayeshika simu asichague nani angojwe. Akichagua, atawauliza haraka wale anaowafahamu, na hao ndio wanaojibu haraka hata hivyo. Namba witiri na shufwa zinamwondolea uamuzi huo.

Na kama mnaona ujumbe wenye urefu wa 153 au 67, ngojeni dakika kadhaa kila mara, hata nje ya jaribio. Vipande husafiri kimoja kimoja na cha pili kinaweza kuchelewa.

Hatua ya 7: Linganisha maswali yenyewe

Kuna namna tatu za kuuliza ninazozikuta. Ya kwanza ni "malizia": unamwambia mtu ujumbe umekatika, aumalizie. Ya pili ni "kariri": unamrudishia maneno yake ya mwisho, kisha unauliza lile linalokosekana. Ya tatu ni "chagua": unakisia na kumpa njia za kujibu, 1 au 2, ndiyo au hapana.

Kwa ujumbe wetu wa mwanzo, ya pili inaweza kuandikwa hivi: "Habari ndugu mfugaji. Ujumbe wako umeishia 'ana joto tangu'. Anataka dume au ana homa? Na ni tangu lini?" Hesabu herufi zake: haifiki 160. Tumia ritifaa zilizonyooka. Swali la kufafanua linalofika limekatika ni aibu, na hutokea hasa kwenye namna hii ya pili, kwa kuwa maneno ya mfugaji yanaongeza urefu.

Gawanya zamu kwa zamu kama ulivyogawa witiri na shufwa, safari hii kwa tatu: ujumbe wa kwanza malizia, wa pili kariri, wa tatu chagua, kisha uanze tena. Tuseme kila namna imepata jumbe 50, na matokeo ni haya. Malizia: waliojibu 29, wazi 17, waliorudi 1. Kariri: waliojibu 34, wazi 27, waliorudi 2. Chagua: waliojibu 43, wazi 38, waliorudi 13.

Ukiishia kwenye majibu, chagua imeshinda kwa mbali. Ukiishia kwenye "wazi", bado imeshinda. Lakini toa waliorudi: malizia 16, kariri 25, chagua 25. Faida yote imeyeyuka, na wale 13 si namba tupu. Kila mmoja wao ni safari ya mtaalamu aliyekwenda na kifaa kisichohitajika.

Kwa nini chagua huwarudisha watu? Ukimuuliza mfugaji "Ng'ombe anataka dume, ndiyo?", wengi watasema ndiyo. Swali limetoka ofisini, na si adabu kumsahihisha mtu wa ofisi. Wengine hujibu "1" kwa kuwa ndiyo ya kwanza. Dalili yake kwenye daftari iko wazi ukiitafuta: majibu ya herufi chini ya 6, yaliyoingia chini ya dakika 1, kisha "karudi". Ukiona hivyo, badili mpangilio wa chaguo kila wiki. Kama "1" inaendelea kushinda hata baada ya kubadilisha maana yake, watu hawachagui, wanaitikia. Namba zikitoka hivi, mimi ningechukua kariri. Inamwonyesha mtu kwamba umesoma alichoandika, na inamwachia maneno yake mwenyewe.

Hatua ya 8: Usiamini tofauti ndogo

Kuna kipimo cha haraka kinachotosha kwa kazi ya ofisi. Gawa 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya maswali. Kwa maswali 25 unapata 0.20, maana yake asilimia yako inaweza kuyumba kwa takriban 20 juu au chini kwa bahati tu. Kwa 100 ni 10. Kwa 400 ni 5.

```
=1/SQRT(COUNTIFS(F:F,"kariri"))
```

Ukilinganisha makundi mawili yenye ukubwa sawa, zidisha kipimo hicho kwa 1.4, kwa sababu yote mawili yanayumba. Rudi kwenye mfano wa kungoja: 22 kwa 40 ni asilimia 55, 13 kwa 40 ni karibu 33, tofauti ni karibu 22. Kipimo cha 40 ni karibu 16, mara 1.4 ni karibu 22. Tofauti imekaa pembezoni kabisa mwa bahati. Sitatangaza chochote hapo. Nitaendelea hadi kila upande ufike jumbe 100, ambapo kipimo cha tofauti kinashuka hadi karibu 14, kisha nitazame tena. Kwa kariri na malizia, 25 dhidi ya 16 katika 50 ni tofauti ya asilimia 18, na kipimo chake ni karibu 20. Nayo ingoje.

Kwa chama kidogo kinachopata jumbe 10 zilizokatika kwa mwezi, njia hii itachukua muda mrefu mno. Hapo soma jumbe zote 10 moja baada ya nyingine na mwandike kilichotokea kwa kila mmoja. Asilimia za watu 10 hazina msaada.

Hatua ya 9: Wapigie walionyamaza

Wale 17 wa kimya wanabaki. Daftari haliwezi kusema kama walikata tamaa, walitatua wenyewe, walikosa salio la kujibu, au hawakulielewa swali. Kila mwezi chagua 10 kati yao kwa kufuata orodha, si kwa kuchagua majina unayoyajua, uwapigie kwa gharama ya ofisi.

Usiulize "Kwa nini hukujibu?" Linasikika kama lawama, nawe utaombwa radhi tu bila kujua lolote. Salimia vizuri, mwambie kwamba tarehe fulani ulipata ujumbe wake wenye maneno haya, msomee, kisha uliza: "Ile shida iliishaje?" Mwache aeleze. Andika jibu kwa moja kati ya maneno manne: ilitatuliwa bila sisi, bado ipo, hakuona swali, hakuweza kujibu. Kisha, kama shida bado ipo, ifanyie kazi hapohapo kabla ya kukata simu. Safu yake ya H ibaki "kimya", kwa sababu swali halikuisaidia. Aliyeisaidia ni mtu aliyepiga simu.